Kati ya sifuri na moja: namna ya kupima sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye chakula

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alichukua hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona jambo ambalo mpaka leo halijapinduliwa: kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pesa yake inavyoishia kwenye chakula. Anayepanda ngazi hula vizuri zaidi, lakini chakula hakimezi tena bajeti yake kama zamani. Jambo lenyewe ni rahisi kulisema. Kulipima ndiko kwenye mitego, na mitego hiyo inatokana na kitu kimoja: tunachokipima ni mgao. Mgao hauwezi kushuka chini ya 0 wala kupanda juu ya 1.

Tuanze na njia ambayo wengi wetu tulifundishwa. Unachukua kaya, unagawa matumizi yake ya chakula kwa matumizi yake yote ya mwezi, unapata mgao. Kisha unachora mstari ulionyooka kati ya mgao huo na logi ya matumizi yote. Njia hii ina heshima yake. Holbrook Working aliitumia mwaka 1943 na Leser akaiendeleza mwaka 1963, na bado ni msingi wa hesabu nyingi za matumizi ya kaya.

Sasa tazama inavyokwenda. Namba hizi nimezitunga ili zifuatike kirahisi. Tuseme kaya inayotumia shilingi 50,000 kwa mwezi inapeleka asilimia 68 kwenye chakula, na kila matumizi yanapoongezeka maradufu mgao unapungua kwa pointi 10. Kwenye 100,000 ni 58, kwenye 200,000 ni 48, kwenye 400,000 ni 38. Hapo hakuna ubaya. Endelea: 800,000 inatoa 28, 1,600,000 inatoa 18, 3,200,000 inatoa 8. Ukifika kwenye kaya ya 6,400,000, mstari unakwambia inatumia asilimia 2 chini ya sifuri kwa chakula. Yaani hasi. Hakuna kaya inayokula hasi.

Kosa halimo kwenye data, limo kwenye umbo. Mstari ulionyooka haujui kwamba mbele kuna ukuta. Tunachohitaji ni mchirizi unaoshuka kwa mwendo ule ule katikati, kisha unalegea unapoukaribia ukuta. Mchirizi wa lojiti unafanya hivyo hasa. Unachukua jumla ya kawaida ya regresheni, tuiite z, unaipitisha hapa:

```
G(z) = exp(z) / (1 + exp(z))
```

Z iwe kubwa kiasi gani, au hasi kiasi gani, kinachotoka kiko kati ya 0 na 1. Kwa mfano wetu weka z = 3.1 − 0.6 × ln(x), ambapo x ni matumizi ya mwezi kwa maelfu ya shilingi. Ukipiga hesabu kwa kaya zile zile nane utapata 68, 58, 48, 38, 29, 21, 15 na 10. Kaya nne za mwanzo zinalingana na mstari bila tofauti ya kuonekana. Nne za mwisho ndizo zinazoachana nao, na ya mwisho kabisa ina asilimia 10, jambo la kuaminika, badala ya hasi 2.

Niseme wazi hapa, maana wapo wanaoudharau mstari kupita kiasi: kama kaya zako zote ziko kati ya asilimia 30 na 70, na unachotaka ni mwelekeo wa wastani tu, mstari na mchirizi vitakupa jibu karibu lile lile. Tofauti inakuwa kubwa pale data inapogusa kuta. Na katika matumizi ya kaya, vipande vingi vya bajeti vinagusa kuta kila siku: nyama, karo, nauli, chakula cha kununua mitaani.

Hapo kwenye kuta ndipo niliponaswa mimi. Nilikuwa nikichambua mgao wa chakula kinachonunuliwa kwa mama lishe, na mtu aliyenitangulia katika kazi alikuwa ameniachia maelezo ya njia ya zamani: badilisha mgao y uwe logi ya y/(1 − y), halafu fanya regresheni ya kawaida. Ni njia inayovutia, kwa sababu logi hiyo haina kuta, inakwenda mbali pande zote mbili. Nilipompelekea mwalimu wangu matokeo, aliangalia idadi ya kaya chini ya jedwali akaniuliza, "Na hawa waliokula nyumbani wiki nzima, umewaweka wapi?" Sikuwa nimewaweka popote. Mgao wao ulikuwa 0, logi ya 0 haipo, na programu ilikuwa imewaondoa kimyakimya.

Wengi wakigundua hilo hukimbilia kiraka: badala ya 0 andika namba ndogo, labda 0.01. Tujaribu kiraka hicho kwa mkono. Chukua kaya tano za vijana wanaojitegemea, zenye mgao wa chakula cha nje wa 0, 0.10, 0.20, 0.30 na 0.40. Wastani wake ni 0.20, hata mtoto wa shule anaupata.

Ukiiacha nje kaya yenye sifuri, ukachukua wastani wa logi za nne zilizobaki na kuurudisha kwenye mgao, unapata 0.23. Ukiweka 0.01 mahali pa sifuri, unapata 0.13. Ukiweka 0.0001, kwa hoja kwamba iko karibu zaidi na ukweli, unapata 0.06. Kaya ni zile zile tano, na majibu ni matatu, yote mbali na 0.20. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba kadiri kiraka kinavyokaribia sifuri ya kweli, ndivyo jibu linavyozidi kupotea, kwa sababu logi inaikokota kaya ile moja kuelekea hasi isiyo na mwisho mpaka inazivuta na nyingine nne. Jibu lako sasa linategemea namba uliyoitunga mezani.

Zaidi ya hapo, hata pasipo sifuri yoyote, njia hii inajibu swali ambalo hukuuliza. Inapima wastani wa logi, na wastani wa logi ukiurudisha nyuma haukupi wastani wa mgao. Anayepanga bei za vyakula au msaada wa chakula anataka kujua mgao wenyewe.

Jibu lililotulia lilikuja mwaka 1996, kwenye makala ya Leslie Papke na Jeffrey Wooldridge. Wao hawakuwa wakishughulika na chakula, bali na mipango ya akiba ya uzeeni inayoendeshwa na waajiri Marekani, ile iitwayo 401(k). Kwa kila mpango walitaka kueleza ni sehemu gani ya wafanyakazi wanaostahili waliojiunga, na mchango wa mwajiri unasukuma sehemu hiyo kiasi gani. Mipango mingi ilikuwa na 1 kamili: kila mtu amejiunga. Hawakuweza kuitupa, wala kuibandika viraka.

Walichofanya ni kuacha kuibadilisha y. Waliiacha kama ilivyo, na wakaweka sharti moja tu: wastani wa y, kwa kaya au mpango wenye sifa fulani, ufuate mchirizi G(z). Kisha wakatafuta vigezo vinavyokuza jumla ya kitu hiki kwa kila mmoja:

```
y*ln(G) + (1 - y)*ln(1 - G)
```

Anayejua lojiti ya kawaida ataitambua mara moja. Ni fomula ile ile inayotumika kwa majibu ya ndiyo na hapana, ambapo y ni 1 au 0. Kilichowafungulia mlango ni kwamba fomula haigombi ukiipa 0.48. Inafanya kazi kwa 0, kwa 1, na kwa chochote cha katikati, kwa sababu logi inachukuliwa kwa G, ambayo haigusi kuta, na si kwa y.

Mtu anaweza kuuliza: lakini mgao si jibu la ndiyo na hapana, hatudanganyi tukitumia fomula ya ndiyo na hapana? Swali ni zuri. Fomula hii ni ya familia ambayo Gourieroux, Monfort na Trognon walionyesha mwaka 1984 kwamba ina sifa adimu: ukipatia umbo la wastani, vigezo vitakuwa sahihi sampuli ikikua, hata kama kila kitu kingine ulichokisema kuhusu data si kweli. Tunaiazima kama chombo cha kupimia wastani. Hatudai kwamba kaya zilizaliwa humo.

Rudi kwenye kaya zetu tano uone. Ukiikadiria modeli isiyo na kitu kingine ila namba ya kudumu, sharti lake ni kwamba tofauti kati ya y na G zijumlishwe zitoe sifuri. G moja tu inatimiza sharti hilo: 0.20. Wastani wenyewe, kaya yenye sifuri ikiwa imehesabiwa kama nyingine zote.

Kwa kuazima fomula, kuna kitu kimoja ambacho hatuwezi kukiazima, nacho ni makosa sanifu. Fomula ya ndiyo na hapana inaamini kwamba mtawanyiko wa y ni G × (1 − G). Kwa kaya zetu hiyo ni 0.2 × 0.8, yaani 0.16. Mtawanyiko wao halisi ni 0.02, pungufu mara nane, kwa sababu mgao husambaa kwa upole kuliko majibu ya 0 na 1 pekee. Ukiyaacha makosa sanifu ya kawaida, utajiona una mashaka karibu mara tatu ya yale uliyo nayo kweli, na unaweza kutangaza kwamba jambo halina athari wakati linayo. Kwa hiyo siku zote tunadai makosa sanifu imara, yanayohesabiwa kutoka kwenye data yenyewe. Na kaya zikichukuliwa kwa maeneo, kama tafiti nyingi za kaya zinavyofanya, yahesabiwe kwa maeneo hayo, kwani majirani wananunua soko moja kwa bei moja. Upande huo makosa huwa yanaongezeka.

Kwenye Stata amri imo tangu toleo la 14:

```
fracreg logit mgao lnx watu mjini, vce(cluster eneo)
margins, dydx(*)
```

Na kwenye R:

```
library(sandwich); library(lmtest)
m <- glm(mgao ~ lnx + watu + mjini,
         family = quasibinomial, data = d)
coeftest(m, vcov = vcovCL(m, cluster = ~ eneo))
```

Jihadhari na mtego mmoja wa Stata. Ukiandika `logit` mahali pa `fracreg logit`, programu haikatai. Inachukua kila kisicho sifuri na kukihesabu kama 1, hivyo kaya ya 0.03 na kaya ya 0.97 zinakuwa kitu kimoja. Kama mgao wako hauna sifuri hata moja utaokoka, maana itasimama ikikwambia `outcome does not vary`. Lakini ukiwa na sifuri chache, itaendelea na kukupa jedwali safi la swali jingine kabisa: nani alinunua na nani hakununua. Dalili ni rahisi. Chukua wastani wa G zote ilizokadiria na uulinganishe na wastani wa mgao kwenye data. Kwenye modeli sahihi yenye namba ya kudumu, viwili hivyo lazima vilingane. Mimi hufanya ukaguzi huo kabla sijatazama kigezo chochote. Kwenye R, ukitumia `binomial` badala ya `quasibinomial` utapata onyo la `non-integer #successes`. Vigezo ni vile vile, ila usiyaamini makosa sanifu yaliyo kando yake.

Sasa kusoma matokeo. Kigezo cha −0.6 hakimaanishi kwamba mgao unapungua kwa 0.6 ya chochote. Athari yake kwenye mgao ni −0.6 × G × (1 − G), hivyo inabadilika kutoka kaya hadi kaya. Kwa kaya ya asilimia 48, matumizi yakipanda kwa asilimia 10 mgao unapungua kwa karibu pointi 1.4. Kwa kaya ya asilimia 10, nyongeza ile ile inaupunguza kwa nusu pointi tu. Ndiyo maana tunaandika wastani wa athari kwa kaya zote zilizomo kwenye data, kitu ambacho `margins` inakifanya, na tukiweza tunaonyesha pia athari kwa kaya za chini na za juu kila moja peke yake.

Tuikaribie kaya moja zaidi, maana hapa ndipo wasomaji wa taarifa hupotoshwa. Kaya ya 200,000 ina mgao wa asilimia 48, yaani chakula cha shilingi 96,000. Matumizi yake yapande yawe 220,000. Mgao unashuka hadi asilimia 46.6. Anayesoma asilimia pekee atasema wamepunguza chakula. Lakini asilimia 46.6 ya 220,000 ni karibu 102,500. Katika shilingi 20,000 zilizoongezeka, 6,500 zimeingia sufuriani. Mgao umepungua, chakula kimeongezeka, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Kuna njia nyingine mbili ambazo utaambiwa uzitumie. Regresheni ya beta ni nzuri kama unahitaji kueleza mtawanyiko mzima wa mgao, ila katika umbo lake la kawaida haipokei 0 wala 1, kwa hiyo inaturudisha kwenye viraka. Tobiti nayo inachukulia kwamba nyuma ya kila sifuri kuna namba hasi iliyofichwa. Kwa mgao, sioni hiyo namba hasi ingekuwa nini. Kijana asiyenunua kwa mama lishe hakununua, basi.

Hata hivyo sifuri zenyewe zinahitaji kufikiriwa, kwa sababu si zote za aina moja. Utafiti wa kitaifa wa kaya zinazofuatiliwa nchini Tanzania, ulioanza mwaka 2008/09, unauliza chakula kilicholiwa siku saba zilizopita. Kaya inayokula nyama mara mbili kwa mwezi inaweza kuangukia wiki isiyo na nyama ikaandikwa 0. Sifuri hiyo ni ya kalenda. Kama wiki za mahojiano zimesambaa vizuri, modeli yetu inaivumilia, kwa kuwa wastani wa kaya nyingi kama hiyo unabaki pale pale na kinachoongezeka ni mtawanyiko tu. Sifuri ya kaya isiyokula nyama ya nguruwe kwa sababu ya dini ni kitu kingine. Hapo bei wala kipato havigusi uamuzi, na ni afadhali kuigawa kazi sehemu mbili: kwanza nani anakula kabisa, kisha kwa wanaokula, mgao ni kiasi gani.

Lakini kitu ambacho modeli haiwezi kukuokoa nacho ni mgao uliohesabiwa vibaya. Kaya ya mkulima inayokula mahindi ya ghala lake haijatoa shilingi dukani, na ukihesabu manunuzi pekee itaonekana inatumia kidogo sana kwa chakula, kana kwamba ni tajiri. Mahindi hayo lazima yathaminiwe kwa bei ya soko la karibu na kuingizwa juu na chini ya mgawanyo. Vivyo hivyo kaya iliyonunua pikipiki mwezi wa mahojiano: matumizi yake yamefura, mgao wa chakula umeporomoka, na mezani hakuna kilichobadilika. Pikipiki hiyo inatakiwa itawanywe kwa miaka itakayotumika, au iwekwe kando.

Na hapo ndipo linapojificha tatizo ambalo naliona zito kuliko yote. Matumizi yote ya kaya yanaonekana mara mbili kwenye modeli hii: chini ya mgawanyo unaotoa mgao, na upande wa kulia kama ln(x). Tuseme mama wa nyumbani, amechoka na maswali ya saa mbili, amesahau kutaja karo aliyolipa. Matumizi yake yaliyoandikwa yanakuwa madogo kuliko ya kweli, na papo hapo mgao wa chakula unakuwa mkubwa kuliko wa kweli. Kosa moja limesukuma pande mbili kinyume, na linafanana kabisa na kanuni ya Engel hata kama kanuni yenyewe isingekuwepo. Mchirizi mzuri wa lojiti utalipokea kosa hilo na kuliita athari.

Dawa yake ni kupata kipimo kingine cha uwezo wa kaya ambacho hakikupita kwenye mdomo ule ule kwa njia ile ile: mali iliyopo nyumbani, paa, sakafu, ardhi, mifugo. Kwanza unaeleza ln(x) kwa vitu hivyo pamoja na sifa nyingine za kaya, na unaweka kando kinachobaki bila kuelezwa. Kisha mabaki hayo unayaongeza kama kigezo kingine ndani ya `fracreg`, na makosa sanifu unayapata kwa kurudia hatua zote mbili mara mamia kwenye sampuli zilizochukuliwa upya kwa maeneo. Kama kigezo cha mabaki kiko mbali na sifuri, umepata ushahidi kwamba ln(x) ilikuwa na doa, na mwelekeo uliopata mwanzoni ulikuwa umechanganyika na usahaulifu wa watu kwenye dodoso. Sharti ni kwamba paa na mifugo viguse mgao wa chakula kupitia uwezo wa kaya pekee. Kwa paa nakubali bila shida. Kwa mifugo nasita, kwa sababu mwenye ng'ombe anakunywa maziwa yake, na maziwa hayo ni chakula kilichoingia kwenye mgao moja kwa moja.